Bechi Ikikubali, Usishangilie Bado

Wasee wa Kisii na Nyamira, kuna mambo mawili naona yakifanyika sana siku hizi. Mtu ananunua losheni ya uso, anafungua tovuti ya kampuni, anaona chupa ya kwenye picha inatofautiana kidogo na yake, halafu anaposti jina la duka na neno FEKI kwa herufi kubwa. Mwingine anaingiza namba ya bechi mahali, anaona imekubali, na usiku huohuo anajipaka. Mimi naona wote wawili wameharakisha. Mmoja anaweza kuua biashara ya mama wa watu, mwingine anaweza kuchoma ngozi yake.

Tuseme rafiki yako yuko Keroka na amekutumia picha ya losheni ya kutoka nje. Kwanza mwambie apige picha upya mchana, bila filta: mbele, nyuma, chini ya chupa na boksi. Akutumie kama dokyumenti, kwa sababu picha ya kawaida ya WhatsApp inabanwa na maandishi madogo yanapotea. Na hayo maandishi madogo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tafuta picha ya kulinganisha. Tovuti nyingi za vipodozi hukuruhusu kuchagua nchi, na hapo ndipo watu hukosea. Bidhaa ya Ulaya na ya Marekani zinaweza kuwa halisi zote mbili na lebo zisifanane. Mfano ni ule mchoro wa kopo lililofunguliwa ulioandikwa 12M, yaani tumia ndani ya miezi 12 baada ya kufungua. Sheria ya Ulaya inaudai kwa vipodozi vingi, ya Marekani haiudai. Kwa hivyo ukilinganisha chupa ya Marekani na picha ya tovuti ya Ufaransa, utaona "kosa" ambalo si kosa. Soma kwanza anwani iliyo nyuma ya chupa, kisha ufungue tovuti ya soko hilo, ujazo uleule wa mililita.

Rangi usiiamini sana. Picha za tovuti mara nyingi hutengenezwa au kung'arishwa kwa kompyuta, na zinaweza kuwa za muundo wa zamani. Linganisha vitu ambavyo mwanga haubadilishi: tahajia, mpangilio wa viambato, mililita. Neno lililokosewa kwenye orodha ya viambato lina uzito kuliko kifuniko kilichopauka.

Halafu bechi. Namba ya kwenye boksi inafaa ifanane na ya kwenye chupa. Zisipofanana, hilo ni swali kubwa kwa muuzaji. Ukienda kuitafuta mtandaoni, angalia ukurasa ni wa nani. Kuna kurasa ambazo si za kampuni, na kazi yake ni kutafsiri tu namba iwe tarehe ya kutengenezwa. Zijaribu hivi: badilisha tarakimu moja uone. Ikiwa bado inakupa tarehe, basi ukurasa huo unasoma mtindo wa namba tu. Haujui kama bechi hiyo iliwahi kuwepo.

Na hata kampuni yenyewe ikisema bechi ipo, bado. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic feki, dawa ya kisukari, zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Bechi LP6F832 mtengenezaji hakuitambua kabisa, hiyo ni rahisi. Bechi NAR0074 ilikuwa na namba ya pekee ambayo haikulingana na kumbukumbu za kiwandani. Lakini bechi MP5E511 ilikuwa bechi ya kweli, na dawa ilikuwa feki. Mwigaji alichukua namba halisi akaichapa kwenye uongo wake. Kwani ni ngumu? Namba imeandikwa pale kwenye chupa, kila mtu anaiona.

Ndiyo maana nasema bechi inaweza kukamata mwongo mzembe, lakini haiwezi kumtakasa mtu. Ikikataa kwenye ukurasa wa kampuni, acha kutumia. Ikikubali, umejua tu kwamba namba hiyo ipo.

Ukibaki na shaka, usikimbilie kuposti. Rudi dukani na risiti, uliza mzigo ulitoka wapi, kisha itumie kampuni zile picha nne na uwaulize moja kwa moja. Wao wana picha ya lebo ya bechi hiyo, wewe una picha ya tangazo. Wakithibitisha ni feki, hapo ripoti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Na wakikuambia ni halisi, utashukuru kwamba hukuwa umeposti jina la mama wa watu.