Kamera Si Daftari la Mahudhurio

Zamani mtumishi wa Mpanda aliyeitwa kikaoni Tabora alipanda treni, akabadilisha usingizi na mawazo njiani, akafika. Hakuna mkuu wa idara aliyethubutu kumtaka awe Tabora saa tatu, Dodoma saa nne na Dar es Salaam saa tano. Leo tunatakiwa hivyo, na anayelalamika anaonekana mvivu.

Jumanne iliyopita nilikaa vikao vitatu mfululizo mbele ya kompyuta. Katika cha tatu nilizima kamera. Mwenyekiti akauliza mbele ya wote kama bado "nipo nao". Nilikuwepo, na maandishi yangu ya kikao hicho ndiyo yaliyotumika baadaye kuandika muhtasari. Katika kile cha pili, ambako uso wangu ulionekana mwanzo hadi mwisho, sikumbuki hata azimio moja.

Dhana kwamba uso kwenye kioo ni ushahidi wa bidii ndiyo ninayoipinga. Mwaka 2021 Kristen Shockley na wenzake walichapisha jaribio lililowahusu wafanyakazi 103 kwa wiki nne. Siku za kuwasha kamera zilileta uchovu zaidi, hasa kwa wanawake na waajiriwa wapya, na uchovu huo uliendana na kushiriki kidogo vikaoni. Yaani amri ya "washeni kamera" inapunguza kile inachodai kukilinda, na mzigo unamwangukia zaidi yule asiye na ubavu wa kukataa.

Sababu hazina fumbo. Mwaka huohuo Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alizitaja: kukodolewa macho kwa karibu, kujitazama muda wote, kukaa pahali pamoja, na kujilazimisha kuonyesha kwa ishara kwamba unasikiliza. Ya kujitazama hutibika bila ruhusa ya mtu. Katika Zoom, bonyeza nukta tatu juu ya picha yako, uchague `Hide Self View`. Wenzako wataendelea kukuona. Wewe ndiye utakayepumzika na kioo.

Kuzima kamera kunahitaji busara zaidi, kwa kuwa ukimya huzua tuhuma. Kabla ya kikao ninamwandikia mwenyekiti: "Nitawasha kamera wakati wa salamu na nitakapozungumza, muda mwingine nitakuwa ninaandika." Kisha ninaandika kweli, na ndani ya saa moja ninatuma nusu ukurasa: nini kimeamuliwa, nani atekeleze, lini. Asiyetuma chochote asijifiche nyuma ya hoja yangu.

Lililobaki liko mikononi mwa wenye vikao. Kinachoanza saa nne kifungwe saa nne na dakika hamsini, ili mtu ainuke, anywe maji, atazame mwembe wa nje. Mwenyekiti wangu nimemwandikia hivyo. Amejibu kwamba jambo hilo tulijadili kikaoni, Alhamisi saa tatu, kamera zikiwa wazi.