Prezida wa klabu asiyetoka: tumunyang'anye funguo, si mdomo



Mandati ya Kabila iliisha Desemba 2016, uchaguzi ukafanyika Desemba 2018. Tulipiga kelele, na ilikuwa haki yetu. Lakini ingieni kwenye klabu za wanafunzi hapa Goma, muone: prezida mumoja, mwaka wa tatu, eti uchaguzi utafanyika "kisha mitihani". Mitihani gani ile isiyoisha?

Watu wanasema shida ni mdomo: anaongea sana, anakata wengine neno. Hapana. Mdomo peke yake hauwezi kumuweka mtu kitini miaka tatu. Kinachomuweka ni vitu vine anavyoshika mwenyewe: muhuri, sanduku la pesa, orodha ya memba na grupu ya WhatsApp. Yeye ndiye anaamua nani ni memba na nani anapata habari ya mkutano. Ukimupinga, jioni ile ile uko nje ya grupu.

Klabu moja ya mijadala niliyokuwamo ilipiga kura kwa kunyoosha mikono. Prezida mwenyewe aliongoza kikao, akauliza: "Nani ananikataa?" Kati ya watu 41, mikono miwili. Nani angesubutu, wakati barua ya kwenda kwenye mafunzo inatoka kwake?

Mwaka uliofuata tulibadilisha mambo matatu tu. Watu watatu wasiogombea ndio walioongoza uchaguzi. Orodha ya memba ilibandikwa ukutani juma moja mbele, kisha ikafungwa. Kura ziliandikwa kwenye karatasi za kukunja, zikasomwa kwa sauti, kila moja ikachorewa mstari ubaoni. Watu 41 tena: 27 wakamuchagua dada aliyempinga, 13 yeye, karatasi moja ikaharibika. Woga ndio ulikuwa unapiga kura zamani.

Lakini alikaa na muhuri wiki tano. Kwa hiyo sheria ya klabu iseme: makabidhiano ni siku ile ile ya matokeo, mbele ya wote, kwa karatasi yenye sahihi. Anayeshika pesa asiwe anayeandika daftari ya pesa. Grupu iwe na waongozaji watatu.

Na yeye je? Musimufukuze, akifukuzwa, atafungua klabu yake kesho. Apewe kazi moja yenye tarehe, kama kufundisha wapya namna ya kujibu hoja. Mkutanoni kila mtu dakika mbili, na hakuna anayerudia kusema mbele ya wote waliotaka neno kusema. Sheria hiyo haifanyi kazi kama anayeongoza kikao ni rafiki yake kila siku. Uongozi wa kikao uzunguke, leo huyu, kesho yule. Atanuna. Anune.

Kabla ya kumulaumu mkubwa yeyote wa Kinshasa, jibu hili: kwenye klabu yako, muhuri iko kwa nani leo, na atautoa siku gani?