Mia Tatu Mara Mbili Si Kosa: Unganisha Stetimenti Bila Kufuta Malipo Halali

Ukipakua stetimenti ya M-PESA ya Januari hadi Machi, halafu baadaye upakue ya Machi hadi Mei, Machi yote unayo mara mbili. Ukizibandika faili hizo pamoja, kila shilingi ya Machi inahesabiwa mara mbili. Wengi wetu hapo tunakimbilia kitufe cha kuondoa mistari inayofanana, tunabonyeza, mistari inapungua, tunafurahi. Sisi tunasema usibonyeze kwanza. Kitufe hicho hakijui biashara yako, kinajua tu zile safu ulizokichagulia, na watu wengi huchagua zisizofaa.

Fikiria biashara za huku kwetu. Anayenunua muguka Kiritiri humlipa mchumaji yule yule kiasi kile kile asubuhi na jioni. Mwenye kibanda pale Gakoromone, Meru mjini, hutumiwa hamsini hamsini kutwa nzima, nyingine kutoka kwa mteja mmoja aliyerudi mara tatu. Kwa watu hawa, kiasi kinachojirudia si kosa la faili. Ndiyo kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kiritiri, tarehe 14 Machi 2025. Ameanza siku na salio la 4,120. Namba za risiti hapa ni za mfano tu, lakini mpangilio ni ule unaouona kwenye stetimenti:

```
Receipt No.  Muda    Paid In  Withdrawn  Balance
TCE4K7M2QX   06:42             300.00    3,820.00
TCE4K7M2QX   06:42               7.00    3,813.00
TCE8P1R5WB   13:10  1,500.00             5,313.00
TCE2N9T6YD   17:55             300.00    5,013.00
TCE2N9T6YD   17:55               7.00    5,006.00
```

Malipo mawili ya 300 yamekwenda kwa kijana mmoja, na 7 ni ada ya kutuma. Ile 1,500 imetoka kwa mteja wa Embu mjini. Mistari halali ni mitano, na kwa kuwa siku hii iko kwenye faili zote mbili, ukiziunganisha unapata kumi. Kazi ni kurudi kwenye mitano, na iwe hiyo mitano.

Watu wengi hulinganisha tarehe, jina na kiasi. Ukifanya hivyo hapa, 300 ya jioni inaonekana nakala ya 300 ya asubuhi, na ada yake vilevile. Unabaki na mistari mitatu, na 307 zimetoweka kwenye matumizi. Siku kijana akija kusema, "Mama, ile ya jioni hukutuma," mama akifungua hesabu yake ataona ametuma mara moja tu. Atalipa tena pesa aliyokwisha kulipa, na rekodi aliyoiharibu kwa mkono wake ndiyo itakayotoa ushahidi dhidi yake.

Mjanja kidogo atasema: basi tumia namba ya risiti, si kila muamala una yake? Ni kweli, lakini angalia mfano tena. Ada imebeba risiti ile ile ya malipo yaliyoizaa. Ukifuta kila risiti iliyojirudia, malipo yote mawili yanabaki salama lakini ada zote mbili zinaondoka. Hapa ni shilingi 14 tu. Kwa mtu anayetuma mara ishirini kwa siku, hiyo ni gharama halisi ya biashara inayofutika kimyakimya, na faida inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: kinachotambulisha mstari ni risiti pamoja na salio. Malipo na ada yake vina risiti moja, lakini kila kimoja kinaacha salio tofauti. Mistari miwili yenye risiti moja, kiasi kimoja na salio moja ni mstari mmoja uliopakuliwa mara mbili.

Namna ya kufanya ni rahisi, hata kwenye simu. Hifadhi faili asilia bila kuzigusa, kisha bandika zote kwenye jedwali jipya, moja chini ya nyingine. Tuseme risiti iko safu A, `Paid In` safu E, `Withdrawn` safu F na `Balance` safu G. Kwenye H2 na I2 andika:

```
H2: =TRIM(A2)&"|"&E2&"|"&F2&"|"&G2
I2: =COUNTIF(H$2:H2,H2)
```

Vuta zote mbili hadi chini. H inaunganisha alama za mstari kuwa neno moja, na I inahesabu neno hilo limeonekana mara ngapi kufikia hapo. Mstari wenye 1 unabaki. Wenye 2 ni nakala. Usifute bado, chuja kwanza uzione hizo zenye 2. Zote zinapaswa kuwa za siku zilizo kwenye faili zote mbili, yaani Machi. Ukiona nakala ya Aprili, simama, kuna kitu umebandika mara mbili.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza, faili moja inaweza kuwa imeandika 1,500.00 kama maandishi na nyingine kama namba, basi jedwali litaona vitu viwili tofauti na nakala itabaki. Dalili yake ni mistari ya Machi ambayo haikupata mwenzake. Geuza safu za pesa zote ziwe namba halisi, si maandishi, na dalili hiyo itapotea. Lakini kama ulipakua faili ya kwanza mchana wa tarehe 31, miamala ya jioni yake itakuwa kwenye faili ya pili tu, na hiyo ni sawa. Wa pili, PDF ikigeuzwa kuwa jedwali, maelezo marefu hukatika na kuzaa mstari usio na risiti wala pesa. Mistari hiyo yote itafanana, kwa hivyo iondoe au iunganishe na wa juu yake kabla ya kuhesabu.

Ukishafuta, usiamini macho. Chukua salio lililokuwepo kabla ya mstari wa kwanza kabisa, jumlisha `Paid In` yote, toa `Withdrawn` yote. Ikiwa stetimenti yako inaandika `Withdrawn` kwa alama ya kutoa, jumlisha badala ya kutoa. Jibu lazima liwe salio la mwisho. Kwa mfano wetu: 4,120 ongeza 1,500, toa 614, unapata 5,006. Yule aliyefuta kwa kiasi angepata 5,313, amezidi kwa 307. Yule aliyefuta kwa risiti angepata 5,020, amezidi kwa 14. Hiyo tofauti haikwambii tu kwamba umekosea. Mara nyingi inakuonyesha mstari wenyewe, kwa sababu ni kiasi kile kile ulichofuta.

Sasa, je, usipate hiyo tabu kabisa? Inawezekana. Safari ijayo pakua kuanzia siku iliyofuata mwisho wa faili iliyopita, na ile ya mwisho uipakue siku ikiwa imeisha. Lakini kama tayari una faili zinazopishana, usikubali kitufe kikuamulie kwamba mtu aliyefanya kazi mara mbili alilipwa mara moja.