Andika Baki, Andika na Tarehe



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi huu tuone namna ya kuandika malipo ambayo hayajakamilika. Tuchukue mfano wa seremala wa Kurasini, Dar es Salaam.

Mama mmoja anataka kitanda. Bei ni shilingi 240,000. Yeye ana shilingi 150,000.

"Fundi, zinazobaki nitaleta mwisho wa mwezi," anasema.

Makosa huanza hapa. Fundi mwingine angeandika tu: "Nimepokea 150,000." Maandishi hayo hayataji bei. Kesho mmoja atasema bei ilikuwa 200,000, na mwingine atasema 240,000. Nani atawaamua? Tena, "mwisho wa mwezi" si tarehe. Fundi anawaza tarehe 31. Mteja anawaza siku ya mshahara.

Seremala wetu aliuliza, "Mama, mshahara unapata tarehe ngapi?" Wakakubaliana tarehe 5 Aprili. Ndipo akaandika:

Tarehe: 10 Machi 2025
Kitanda kimoja cha futi 4 kwa 6. Mteja amekichukua.
Bei: 240,000
Amelipa: 150,000
Baki: 90,000 (shilingi elfu tisini)
Mwisho wa kulipa: 5 Aprili 2025

Baki aliiandika kwa tarakimu na kwa maneno. Tarakimu moja ni rahisi kubadilishwa, lakini neno ni gumu kubadilishwa. Alisoma yote kwa sauti, kisha wote wawili wakatia sahihi. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Aliandika karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja akabaki na yake.

Tarehe 28 Machi mama alileta shilingi 40,000. Seremala hakufuta ile 90,000. Aliandika mstari mpya chini yake, katika karatasi zote mbili:

28 Machi 2025. Amelipa 40,000. Baki 50,000 (shilingi elfu hamsini).

Wakatia sahihi tena. Kisha seremala akapima hesabu yake. Alijumlisha fedha zote zilizolipwa, akaongeza baki:

150,000 + 40,000 + 50,000 = 240,000

Jibu ni sawa na bei. Kama jibu lingekuwa tofauti, pangekuwa na kosa. Kosa hilo litafutwe kabla mteja hajaondoka.

Tarehe 5 Aprili mama alikuja mikono mitupu. Mshahara ulichelewa. Aliomba mpaka tarehe 15. Seremala alikubali, lakini tarehe ya zamani aliiacha ilivyo. Aliandika chini: "Tarehe mpya ya mwisho: 15 Aprili 2025. Baki 50,000." Sahihi zikawekwa. Hivyo yeyote anayesoma ataona ahadi ya kwanza na ya pili.

Tarehe 15 mama alimaliza. Seremala aliandika: "Amelipa 50,000. Baki 0. Deni limekwisha." Mama alirudi nyumbani na karatasi yake. Hiyo ndiyo kinga yake asidaiwe mara ya pili.