Shati Moja, Rangi Tatu

“Rangi tatu, saizi M hadi XXL.” Tangazo hilo la shati, la aina tunayoikuta kila siku WhatsApp, limeahidi mashati 12 tofauti; stoo huenda yapo 9 tu, na ugomvi unaanzia hapo. Kinachofanana, yaani kitambaa, kola na bei, kiandikwe mara moja juu. Kisha kila rangi ipewe mstari wake na saizi zake: A nyeusi: M, L, XL, XXL. B damu ya mzee: M, L. C bluu iliyoiva: L, XL, XXL. Herufi hizohizo ziwekwe juu ya picha, mteja aagize “B-L”, maana damu ya mzee kwa mwingine ni nyekundu, na kwenye simu yenye mwanga hafifu ni kahawia kabisa. Saizi nazo (M ya kiwanda hiki si ya kile) ziandikiwe upana wa kifua kwa sentimita. B-L ikiisha, ifutwe kwenye mstari wake siku hiyohiyo. “Imeisha” iliyoandikwa chini kabisa ya tangazo husomwa baada ya pesa kutumwa.