Pango la Miezi Ambayo Bado Haijafika

Wiki hii najibu barua ya dada yetu mmoja aliyeko Maskati. Yeye na kaka yake wana duka la vitambaa Kariakoo, Dar es Salaam. Dada alitoa mtaji, kaka ndiye anayekaa dukani, na walikubaliana kugawana faida nusu kwa nusu kila mwaka unapofungwa tarehe 31 Desemba. Duka lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2024. Mwisho wa mwaka huo kaka akamtumia ujumbe: "Dada, mwaka huu hatujapata kitu, pango limetumeza." Sasa dada anataka kujitoa kwenye biashara, mwaka 2025 ukiwa ndio wa mwisho kwake, na anauliza kama hesabu alizoletewa ni za haki. Nimeziangalia. Kaka hakuiba hata senti, ila hesabu zina kasoro, na kasoro yenyewe iko kwenye pango.

Wote tunaojua fremu za Kariakoo tunajua mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kulipwa mwezi kwa mwezi. Anataka miezi 6, au mwaka mzima kwa mkupuo. Kaka alilipa miezi 12, shilingi 1,000,000 kwa mwezi, jumla 12,000,000. Katika miezi mitatu ya mwanzo, Oktoba hadi Desemba, duka lilipata faida ya 7,500,000 kabla ya kutoa pango. Kaka akatoa 12,000,000 zote, ikabaki hasara ya 4,500,000.

Hapo ndipo pa kusimama. Kufikia tarehe 31 Desemba duka lilikuwa limekaa kwenye ile fremu miezi mitatu tu. Gharama ya pango kwa mwaka 2024 ni ya miezi hiyo mitatu, yaani 3,000,000. Zile 9,000,000 nyingine zimelipia Januari hadi Septemba 2025, miezi ambayo wakati ule ilikuwa bado haijafika. Mwenye nyumba ameshapokea fedha, lakini bado wanamdai nafasi ya kukaa miezi tisa. Kitu unachokidai ni mali yako. Kwa hiyo 9,000,000 hukaa kwenye mizania kama mali, kwa jina la pango lililolipwa mapema, na haziguswi na hesabu ya faida na hasara ya mwaka 2024. Ukitoa 3,000,000 kwenye 7,500,000 unapata faida ya 4,500,000. Duka ni lile lile na fedha ni zile zile, ila pale palipoandikwa hasara ya milioni nne na nusu palistahili kuandikwa faida ya kiasi hicho hicho.

Ingizo la marekebisho linaandikwaje? Inategemea fedha ziliandikwa wapi siku ya kulipa. Kama siku ile ziliwekwa kwenye leja ya pango lililolipwa mapema, basi mwisho wa mwaka unahamisha sehemu iliyotumika:

Debiti: Gharama ya pango 3,000,000
Krediti: Pango lililolipwa mapema 3,000,000

Lakini kama zote ziliandikwa moja kwa moja kwenye gharama, kama alivyofanya kaka, unahamisha sehemu ambayo haijatumika:

Debiti: Pango lililolipwa mapema 9,000,000
Krediti: Gharama ya pango 9,000,000

Njia zote mbili zinakufikisha mahali pamoja: gharama 3,000,000 na mali 9,000,000. Wanafunzi wetu hujikwaa wanapochanganya njia hizi. Fedha ziko kwenye gharama, naye anahamisha 3,000,000 kwa sababu ndiyo namba aliyoizoea kitabuni. Matokeo yake gharama inabaki 9,000,000 na mali inakuwa 3,000,000, kinyume kabisa. Urari wa leja utalingana, kwa hiyo hautakuonya. Dawa ni kuisoma mizania na kujiuliza: je, kiasi hiki cha pango lililolipwa mapema kinatosha miezi mingapi? Ukipata mitatu, na risiti inasema mmelipiwa mpaka Septemba, ujue umegeuza.

Tuje mwaka 2025. Tarehe 1 Oktoba mkataba ulipoisha, mwenye nyumba alipandisha pango hadi 1,200,000 kwa mwezi, na kaka akalipa tena miezi 12, jumla 14,400,000. Faida ya mwaka huo kabla ya pango ilikuwa 30,000,000. Kaka akatoa 14,400,000, akapata 15,600,000.

Gharama halisi ya 2025 ina vipande viwili. Januari hadi Septemba ni miezi tisa kwa bei ya zamani, yaani zile 9,000,000 zilizovuka kutoka mwaka 2024. Oktoba hadi Desemba ni miezi mitatu kwa bei mpya, 3,600,000. Jumla ni 12,600,000. Zinazobaki kama mali tarehe 31 Desemba 2025 ni miezi tisa kwa bei mpya, 10,800,000. Faida sahihi ni 17,400,000.

Hapa kuna mtego mwingine. Anayejifunza marekebisho hukumbuka kutoa kiasi cha mbele, akasahau kuingiza kile kilichotoka nyuma. Angetoa 10,800,000 kwenye 14,400,000, akabaki na gharama ya 3,600,000 tu, na faida ikavimba hadi 26,400,000. Ili usinaswe, hesabu mara mbili kwa njia tofauti. Kwanza kwa fedha: kilichovuka kutoka mwaka jana, ongeza kilicholipwa mwaka huu, toa kinachovuka kwenda mwaka ujao. Ni 9,000,000 na 14,400,000, toa 10,800,000, unapata 12,600,000. Pili kwa kalenda: hesabu miezi 12 ya mwaka, kila mmoja kwa bei yake. Tisa kwa 1,000,000 na mitatu kwa 1,200,000, unapata 12,600,000. Majibu mawili yakigongana, rudi kwenye risiti na mkataba.

Sasa angalieni jambo ambalo limewaponza wengi. Mwaka 2025 tofauti kati ya hesabu ya kaka na hesabu sahihi ni 1,800,000 tu, wakati mwaka 2024 ilikuwa 9,000,000. Kama pango lisingepanda, tofauti ya mwaka wa pili ingekuwa sifuri, kwa sababu miezi tisa inayoingia ingelingana na miezi tisa inayotoka. Ndiyo maana wenye maduka ya miaka mingi husema marekebisho haya ni usumbufu wa bure. Katika mwaka wa katikati, bei ikiwa ile ile, kweli hayabadilishi faida. Yanauma mwaka wa kwanza, mwaka ambao pango limebadilika, na mwaka ambao mtu anatoka.

Na dada yetu anatoka. Kwa hesabu za kaka, miaka miwili imeleta hasara ya 4,500,000 na faida ya 15,600,000, jumla 11,100,000. Kwa hesabu zilizorekebishwa ni faida ya 4,500,000 na 17,400,000, jumla 21,900,000. Tofauti ni 10,800,000, ambazo ndizo zile zile za pango la Januari hadi Septemba 2026. Kaka ataendelea kuuza vitambaa kwenye fremu hiyo miezi tisa bila kulipa pango, na nusu ya fedha zilizolipia miezi hiyo ni za dada. Asiporekebisha hesabu, dada anaondoka akiwa amemlipia kaka yake 5,400,000 za pango la mwaka ambao yeye hayumo.

Hata hivyo, kaka naye asikilizwe. Mwisho wa 2024 alisema hakuna kitu, na ukifungua akaunti ya benki alisema kweli: ziliingia 7,500,000 na zikatoka 12,000,000 za pango. Faida ya 4,500,000 ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa ndani ya fremu. Dada hawezi kudai nusu yake taslimu siku ile ile wakati hela iko kwa mwenye nyumba. Vivyo hivyo sasa. Haki yake ya 5,400,000 ipo, ila ni busara wakubaliane ilipwe kidogo kidogo kadiri miezi tisa inavyokwisha, 600,000 kwa mwezi, badala ya kumlazimisha kaka auze mzigo kwa hasara.

Kabla ya kuandika chochote, tenganisheni pia kilichomo kwenye malipo. Ada ya dalali si pango la mwezi wowote ujao, na dhamana ambayo mwenye nyumba atairudisha mkiondoka haipungui kila mwezi. Ukivichanganya na pango ukagawa kwa 12, kila mwezi utabeba kiasi kisicho chake. Na kama mkataba umeanza katikati ya mwezi, hesabu siku za mwezi huo badala ya kuuhesabu mzima.

Kwa walioko Uingereza, njia hii haimhusu kila mtu. Tangu mwaka wa kodi ulioanza tarehe 6 Aprili 2024, mfanyabiashara binafsi huko anahesabiwa kwa misingi ya fedha taslimu asipochagua vinginevyo, yaani gharama huandikwa inapolipwa. Kampuni yenye dhima ya kikomo hairuhusiwi njia hiyo, nayo hufanya marekebisho kama tulivyofanya hapa. Lakini hata wewe unayefuata fedha taslimu kwa ajili ya kodi ya serikali, ukiwa na mshirika, mgawanyo wenu wa faida ni jambo jingine, na unaweza kuuwekea hesabu yake.

Dada, mwombe kaka yako vitu vitatu: mkataba wa kwanza, mkataba wa pili, na risiti mbili za pango. Muandike tarehe ambayo kila malipo yanaishia, mhesabu miezi iliyobaki baada ya 31 Desemba, kisha mkae kwenye simu mkiwa na karatasi hizo mbele yenu. Mkikubaliana kwamba duka limelipiwa mpaka mwisho wa Septemba 2026, namba nyingine zote zitajileta zenyewe.