Maua ya Bandia Hayafai Mezani pa Kulia

Katika nyumba nyingi za walimu na wafanyakazi wa mjini, meza ya kulia chakula haikamiliki siku hizi bila shada la waridi la kitambaa lililochomekwa katikati yake. Hoja inayotolewa ni moja: ua la kweli hunyauka, la bandia hudumu. Hoja hii ina mashiko sebuleni au ofisini. Mezani pa kulia, naona haina.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Bandia ni mwanasesere, yule mtoto wa kuchezea. Maana ya kitu cha kughushi inakwenda sambamba na hiyo, kwani mwanasesere hupendeza akitazamwa kwa mbali. Meza ya kulia humkalisha mgeni hatua moja tu kutoka kwa pambo, kwa muda wa saa nzima, na hapo ndipo huona kwamba majani yote yana ukubwa mmoja na mishipa yote imepigwa chapa moja.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni ya usafi. Petali za bandia aghalabu hutengenezwa kwa poliesta, na vikonyo vyake ni waya uliovikwa plastiki. Mvuke wa mafuta ya kukaangia hutoka jikoni, ukatua juu yake, kisha vumbi likanata. Ukitaka kujua hali ya shada lako, pitisha kidole chini ya petali, si juu: kikitoka na utando wa kijivu unaoteleza, kupangusa kwa kitambaa kikavu hakutasaidia. Litahitaji maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, baada ya kujaribu petali moja isije rangi ikachuja. Hata hivyo, gundi hulegea na waya hushika kutu. Likiwa karibu na dirisha lenye jua, nyekundu hufifia. Huko ndiko kudumu kunakosifiwa.

Tuje kwa gharama. Tuseme shada la bandia ni shilingi 1,500 na fungu la waridi ni shilingi 200. Anayenunua waridi kila wiki atakuwa amelipia lile la bandia kabla ya miezi miwili kwisha, na hapo mtetezi wa bandia hushangilia. Lakini ni nani aliyetuamuru kujaza chombo kwa waridi? Nchi hii hupeleka waridi za Naivasha hadi mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, nasi tumeiga wanunuzi wake tukasahau majani yaliyo uani.

Kwangu mimi hununua karnesheni tatu tu, ambazo hustahimili kuliko waridi, nikazizungushia kangaga na vitawi vya mrehani. Nazikata vikonyo mshazari kwa kisu kikali, nang'oa kila jani litakalozama, na kubadilisha maji kila baada ya siku mbili, nikikata tena sentimita 2 za kikonyo. Mara ya mwisho karnesheni zilikaa siku 12, kangaga nikaibadilisha mara moja. Wapo wanaotia sukari majini. Sukari peke yake hulisha bakteria, nao huziba mirija ya kikonyo. Ndiyo maana waridi huinamisha shingo ilhali limo majini. Maji yakipiga ukungu na kikonyo kikawa na utelezi, chanzo ni hicho.

Jambo moja huwaponyoka wengi: bakuli la matunda. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huzeesha maua. Karnesheni iliyowekwa kando ya ndizi mbivu hukunja petali zake kuelekea ndani kana kwamba imesinzia, na haifunguki tena. Mwenye nyumba humlaumu muuza maua bure! Bakuli liwekwe kabatini au meza nyingine.

Urefu nao una kanuni nyepesi. Tegemeza kiwiko juu ya meza, uinue mkono. Pambo lisipite kiganja, ili walioketi waonane. Harufu isishindane na chakula: asumini hupendeza katika kikuba au chumbani, lakini mbele ya pilau hukera. Mmea wenye utomvu mweupe, kama mnyaa, usikaribie sahani kabisa, hasa penye watoto.

Sikatai kwamba yuko mtu ambaye maua ya kweli humpigisha chafya, au anayesafiri wiki nzima. Huyo na aweke la bandia, ila alitoe mezani chakula kinapopakuliwa, na alioshe kila mwezi kama aoshavyo mapazia. Asiye na muda huo akate majani ya kangaga peke yake, bila ua hata moja, ayatie katika gilasi fupi. Hayahitaji senti.